Namba Nane, Hatua Sita: Safu Ndogo Kuliko Zote Hupatikanaje

Hizi hapa namba nane kwenye mstari mmoja:

5 3 8 4 1 7 2 6

Unaruhusiwa kufanya jambo moja tu: kuchukua namba mbili zinazopakana na kuzibadilishana nafasi. Kila ukifanya hivyo umetumia hatua moja. Umepewa hatua sita. Si lazima uzimalize, ila ya saba hupewi. Ni safu gani ndogo kuliko zote unayoweza kuifikia?

Neno "ndogo" hapa linahitaji maelezo, maana jumla ya namba zile haibadiliki hata uzipange vipi. Safu mbili hulinganishwa kuanzia kushoto, kama maneno yanavyopangwa kwenye kamusi. Tunatazama namba ya kwanza ya kila safu, na yenye namba ndogo imeshinda hapo hapo. Zikilingana tunakwenda kwenye ya pili, kisha ya tatu, mpaka tofauti ya kwanza ionekane. Baada ya tofauti hiyo, kinachofuata hakina uzito wowote. Safu inayoanza na 1 kisha ikavurugika kabisa ni ndogo kuliko inayoanza na 2 na kufuata utaratibu hadi mwisho.

Swali hili wanalifahamu wengi wanaojinoa kwa mashindano ya kuandika programu. Kwenye tovuti ya LeetCode lipo kwa namba 1505, tangu mwaka 2020, na huko safu ni tarakimu za namba moja ndefu. Mfano wao wa kwanza ni 4321 yenye hatua 4, na jibu lake ni 1342. Tutaurudia mfano huo baadaye kwa sababu unanasa kosa moja vizuri sana. Kwanza tumalize namba zetu nane.

Mtu aliyewahi kusoma namna ya kupanga namba kwa kompyuta atajaribu njia aliyoizoea: anza kushoto, linganisha majirani wawili, kama mkubwa yuko mbele wabadilishe, songa mbele. Tuifuate hatua sita. Namba 5 na 3 zinabadilishana. Namba 5 na 8 ziko sawa, tunaziacha. Kisha 8 inabadilishana na 4, halafu na 1, na 7, na 2, na mwisho na 6. Hatua sita zimekwisha na safu imekuwa hivi:

3 5 4 1 7 2 6 8

Namba 8 imefika mwisho kabisa, mahali pake pa haki. Lakini hatua tano kati ya sita zimetumika kuisukuma 8 kulia, na upande wa kulia ndio wenye uzito mdogo kuliko wote katika ulinganisho wetu. Huku mwanzoni, panapoamua kila kitu, imekaa 3.

Sasa tuanze upya kwa kujiuliza swali jingine: katika nafasi ya kwanza, ni namba ipi ndogo kuliko zote ninayoweza kuimudu? Kuivuta namba kutoka nafasi ya pili hadi ya kwanza ni hatua moja, kutoka ya tatu ni hatua mbili, na kuendelea hivyo. Kwa hatua sita naweza kufika hadi nafasi ya saba. Kwa hiyo namba zinazogombea nafasi ya kwanza ni saba: ile iliyopo pale sasa, ambayo haina gharama, pamoja na sita zinazoifuata. Kundi hilo ndilo waandishi wa programu huliita dirisha. Ndani yake mna 5 3 8 4 1 7 2, na iliyo ndogo kuliko zote ni 1, iliyo nafasi ya tano. Naivuta kwa hatua nne, ikizipita 4, 8, 3 na 5 moja baada ya nyingine:

1 5 3 8 4 7 2 6

Zimebaki hatua mbili. Nafasi ya kwanza imefungwa, hatutaigusa tena. Nafasi ya pili sasa ina dirisha la namba tatu tu: 5 3 8. Namba 2 ingefaa sana hapo, lakini iko nafasi ya saba, na kuivuta hadi ya pili kunahitaji hatua tano ambazo hatuna. Ndani ya dirisha, ndogo ni 3, na gharama yake ni hatua moja:

1 3 5 8 4 7 2 6

Imebaki hatua moja. Dirisha la nafasi ya tatu ni 5 na 8. Ndogo ni 5, na tayari ipo mahali pake, kwa hiyo hatulipi kitu. Tunakwenda nafasi ya nne tukiwa bado na hatua moja mkononi. Dirisha ni 8 na 4. Namba 4 inasogea:

1 3 5 4 8 7 2 6

Hatua zimekwisha, na hilo ndilo jibu. Hakuna safu ndogo kuliko hiyo inayofikika kwa hatua sita kutoka pale tulipoanzia.

Ukingo wa kulia wa dirisha ulikuwa na mwendo wake. Mwanzoni ulikuwa nafasi ya saba. Tulipolipa hatua nne ukarudi nyuma hadi nafasi ya nne. Tulipolipa hatua moja ulibaki pale pale, kwa sababu tulisogea nafasi moja kulia na bajeti ikapungua kwa moja, vikafidiana. Namba 5 ilipokaa bila malipo, ukingo ulisogea kulia hadi nafasi ya tano, ndipo 4, iliyokuwa imeachwa nje, ikaingia tena ndani ya dirisha. Upana wa dirisha haukui kamwe, unabaki ulivyo au unapungua, lakini dirisha lenyewe linaendelea kutembea. Anayedhani kwamba namba iliyoachwa nje leo imeachwa moja kwa moja atapata jibu lisilo sahihi.

Msomaji makini atakuwa na pingamizi moja, nalo ni la haki. Tulitumia hatua nne kati ya sita kwa namba moja tu. Je, si pupa hiyo? Huenda kungekuwa na njia ya ujanja zaidi, kusogeza namba nyingine kwanza ili 1 ipite kwa bei nafuu, na hatua zinazookolewa zikatumika mbele. Mbinu nyingi za pupa huanguka hapo hasa: uamuzi unaoonekana bora sasa hivi unakuja kugharimu baadaye. Hii haianguki, na sababu yake inaweza kuelezwa bila hesabu nzito.

Majirani wawili wanapobadilishana nafasi, ni jozi moja tu ya namba ambayo uhusiano wake wa nani yuko mbele na nani yuko nyuma unabadilika, yaani jozi ya hao wawili wenyewe. Kwa wengine wote, aliyekuwa mbele ya mwenzake bado yuko mbele yake. Kwa hiyo ukinionyesha safu unayotaka kuifikia, naweza kukuambia bei yake bila kusogeza chochote: nahesabu jozi ambazo katika safu ya mwanzo zimekaa hivi na katika safu unayoitaka zimekaa kinyume. Kila jozi ya namna hiyo inadai hatua moja, wala hakuna hatua inayoweza kulipia jozi mbili kwa mpigo. Na daima ipo njia ya kufika kwa bei hiyo hiyo kamili, bila kupoteza hatua.

Sasa ziangalie jozi zinazoihusu namba 1. Mbele yake mwanzoni ziko namba nne: 5, 3, 8 na 4. Ikiwa mwisho wa yote 1 itakaa nafasi ya kwanza, lazima jozi hizo nne zote zigeuke. Ni nne, hata upitie njia gani. Ukizipanga kwanza zile nne za mbele kwa utaratibu mwingine, bado 1 itazipita zote nne, na kuzipanga kwenyewe kutakuwa kumekula hatua za ziada. Ujanja wa kuipitisha 1 kwa bei nafuu haupo.

Upande wa pili wa hoja ni kwamba 1 ikishapita, namba saba zilizobaki zimeachwa zikifuatana vile vile zilivyokuwa: 5 3 8 4 7 2 6. Jozi zao hazijaguswa hata moja. Tumebaki na swali lile lile, ila fupi zaidi, la namba saba na hatua mbili. Na kwa kuwa safu yoyote inayoanza na 1 inaishinda safu yoyote isiyoanza na 1, hakuna kitu ambacho tungekipata baadaye kingeweza kufidia kosa la kuiacha 1 nyuma. Hoja hiyo inarudiwa kwenye nafasi ya pili, ya tatu, na zinazofuata.

Hesabu hii ya jozi zilizogeuka ina historia yake nje ya kompyuta. Mwaka 1938 mtakwimu Mwingereza Maurice Kendall aliijengea kipimo cha kuonyesha ni kwa kiasi gani watu wawili waliopanga vitu vile vile kwa ubora wanakubaliana. Kipimo hicho bado kinafundishwa katika takwimu.

Hesabu hiyo pia inafichua jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote katika swali hili. Katika safu yetu ya mwanzo, jozi ambazo mkubwa ametangulia mdogo ni 15. Namba 5 imezitangulia nne ndogo kuliko yenyewe, 3 imetangulia mbili, 8 imetangulia tano, 4 imetangulia mbili na 7 imetangulia mbili. Hiyo ina maana kwamba ili kuipanga safu yote kuanzia 1 hadi 8 zinahitajika hatua 15 kamili. Sisi tumetumia sita, na kila moja imenyoosha jozi moja, kwa hiyo katika jibu letu 1 3 5 4 8 7 2 6 bado kuna jozi tisa zilizopinda. Rudi sasa kwenye ile njia ya mazoea iliyotupa 3 5 4 1 7 2 6 8. Hesabu jozi zilizopinda ndani yake. Nazo ni tisa.

Safu zote mbili zimepangika kwa kiwango kile kile. Mbinu ya dirisha haikunyoosha jozi nyingi zaidi, ilichagua tu ni zipi za kunyoosha kwanza, ikazichagua zile za mwanzo. Ndiyo maana namba 2 bado imekwama karibu na mwisho, nafasi ya saba, wakati 5 na hata 8 ziko mbele yake. Kama unachotaka ni kupunguza vurugu kwa jumla, mbinu hii haikupi chochote cha ziada. Inafaa pale ambapo mwanzo wa safu ndio unaoamua, kama ilivyo kwa tarakimu za namba: katika 4321 tarakimu ya kwanza inabeba maelfu na ya mwisho inabeba mamoja.

Programu yenyewe ni fupi. Hii ni ya lugha ya Python, na nafasi humo huhesabiwa kuanzia sifuri:

```python
def safu_ndogo(a, k):
    n = len(a)
    for i in range(n):
        if k == 0:
            break
        ukingo = min(n - 1, i + k)
        j = i
        for p in range(i + 1, ukingo + 1):
            if a[p] < a[j]:
                j = p
        x = a.pop(j)
        a.insert(i, x)
        k -= j - i
    return a
```

Herufi `i` ni nafasi tunayoijaza, `k` ni hatua zilizobaki, na `j` ni mahali ilipo namba ndogo ndani ya dirisha. Mstari wa `ukingo` unazuia dirisha lisitoke nje ya safu wakati hatua zilizobaki ni nyingi kuliko namba zilizobaki. Mwishoni namba inatolewa mahali pake, inapachikwa mbele, na bajeti inapungua kwa umbali iliosafiri.

Kuna alama moja ndogo ndani yake inayobeba mzigo mkubwa, nayo ni `<` kwenye ulinganisho. Mtu akiandika `<=` badala yake, programu itafanya kazi bila kulalamika na itatoa majibu sahihi kila mara namba zote zikiwa tofauti. Tatizo linaanza namba zinapojirudia. Chukua 3 1 2 1 yenye hatua tatu. Kwa `<` programu inaishika 1 ya kwanza inayokutana nayo, iliyo nafasi ya pili, inalipa hatua moja na kupata 1 3 2 1. Zimebaki hatua mbili, zinazotosha kabisa kuivuta 1 nyingine hadi nafasi ya pili, na jibu ni 1 1 3 2. Kwa `<=` programu inaendelea hadi 1 ya mwisho wa dirisha, inalipa hatua zote tatu, na kubaki na 1 3 1 2. Namba ya kwanza ni ile ile katika majibu yote mawili, ila mmoja amelipa mara tatu ya mwenzake. Kwa hiyo zikilingana, chukua iliyo karibu.

Kosa la pili ndilo linalonaswa na ule mfano wa 4321. Wengi wakishaiona tarakimu ndogo huibadilisha moja kwa moja na ile iliyokaa mbele, wanapunguza bajeti kwa umbali, na kuendelea. Tuone linavyokwenda. Namba 1 iko umbali wa hatua tatu. Ukiibadilisha moja kwa moja na 4 unapata 1324, na imebaki hatua moja. Hatua hiyo inabadilisha 3 na 2, na jibu linakuwa 1234. Linavutia, limepangika kabisa, na haliwezekani. Kutoka 4321 hadi 1234 jozi zote sita zimegeuka, kwa hiyo bei yake ni hatua sita, na tulikuwa na nne. Njia iliyo sahihi ni kuivuta 1 huku 4, 3 na 2 zikisogea nafasi moja moja kulia bila kubadili mfuatano wao: 1432. Kisha hatua iliyobaki inaitanguliza 3 mbele ya 4, na jibu ni 1342.

Kosa la tatu ni kusahau kupunguza `k`, kwa hiyo dirisha linabaki na upana wake wa mwanzo. Kwa namba zetu nane, programu yenye kosa hilo itatoa safu iliyopangwa yote kuanzia 1 hadi 8, ilhali tunajua kazi hiyo inadai hatua 15.

Makosa haya mawili yana dalili moja: jibu ni zuri kuliko bajeti. Kwa hiyo njia bora ya kuipima programu si kulitazama jibu kwa macho na kuridhika kwamba limepangika. Hesabu jozi zilizogeuka kati ya safu ya mwanzo na ya mwisho. Zikizidi hatua ulizopewa, programu ina kosa, hata kama jibu linapendeza. Kosa la `<=` halina dalili hiyo, kwani bajeti haivunjwi. Hilo hunaswa kwa kuipa programu safu fupi zenye namba zinazojirudia na kulinganisha jibu lake na lile linalopatikana kwa kujaribu kila njia. Kwa safu ya namba tano au sita, kompyuta inajaribu njia zote mara moja.

Hadi hapa tumezungumzia safu fupi. LeetCode inaruhusu tarakimu hadi 30,000 na hatua hadi bilioni moja. Hatua nyingi hivyo ndizo rahisi zaidi, kwa sababu safu yenye urefu huo ina jozi 449,985,000 tu. Bajeti ikifikia idadi hiyo, panga safu yote na umemaliza. Ugumu uko kwenye bajeti za katikati, ambapo dirisha ni refu na linadumu. Programu ile fupi hutazama dirisha lote kwa kila nafasi, na hali ikiwa mbaya inakaribia ulinganisho milioni 450. Python itachukua sekunde nyingi kwa kazi hiyo, na mashindano hayakusubiri.

Kinachookoa ni kuacha kabisa kuzisogeza namba. Ziache zilipo, na kila inayochaguliwa iwekee alama kwamba imeondoka. Gharama ya kuivuta namba yoyote hadi mbele ni idadi ya namba zilizo mbele yake ambazo bado hazijaondoka, basi. Tulipokuwa tunajaza nafasi ya nne katika mfano wetu, zilizokuwa zimeondoka ni 1, 3 na 5. Namba 4 mwanzoni ilikuwa na tatu mbele yake, yaani 5, 3 na 8. Mbili zimeondoka, imebaki 8. Gharama ni moja, sawasawa na tulivyolipa. Kuondoka kwa 1 hakukuipunguzia 4 gharama, kwa sababu 1 ilikuwa nyuma yake tangu mwanzo.

Tarakimu ni kumi tu, kutoka 0 hadi 9, kwa hiyo unaweka orodha kumi, kila moja ikiwa na nafasi za tarakimu yake kuanzia kushoto. Kwa kila nafasi ya kujaza unaanza na orodha ya 0: iliyo mbele kabisa humo inagharimu kiasi gani? Ikimudika, ichukue. Isipomudika jaribu 1, kisha 2, na kuendelea. Hata ile kanuni ya kuchukua iliyo karibu zinapolingana imejitimiza yenyewe, maana mwanzo wa kila orodha ndio iliyo karibu.

Linabaki swali la kuhesabu haraka ni ngapi zimeondoka mbele ya nafasi fulani. Chombo cha kazi hiyo ni mti wa Fenwick, uliopewa jina la Peter Fenwick wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, aliyeueleza mwaka 1994 alipokuwa anashughulikia ubanaji wa data. Ni safu ya visanduku vya jumla ambazo zimekwisha hesabiwa. Kisanduku cha 8 kinashika jumla ya nafasi ya 1 hadi ya 8. Cha 12 kinashika ya 9 hadi ya 12. Cha 13 kinashika ya 13 peke yake. Ukitaka jumla ya nafasi 13 za kwanza unasoma visanduku vitatu tu, cha 13, cha 12 na cha 8, na kuvijumlisha. Kwa nafasi 30,000 hutasoma zaidi ya visanduku 15 kwa swali moja. Zidisha 15 kwa orodha kumi kwa nafasi 30,000, unapata milioni nne na nusu, yaani sehemu moja ya mia ya ile kazi ya awali.

Tumekuwa tukisema hatua zisizozidi sita. Swali likibadilika na kudai hatua sita kamili, lazima uangalie kama kuna salio. Salio hubaki pale tu ambapo safu imekwisha kupangika yote. Likiwa la kugawanyika kwa mbili, badilisha majirani wawili na uwarudishe mpaka liishe. Likiwa witiri na kuna namba mbili zinazolingana, zibadilishe zenyewe kwa zenyewe, hakuna kitakachoonekana. Namba zote zikiwa tofauti, huna budi kuzigeuza mbili za mwisho, kwani huko ndiko hasara ilipo ndogo zaidi.

Badiliko jingine ndilo linaloivunja mbinu yenyewe. Tuseme sharti la ujirani limeondolewa, na kwa hatua moja unaweza kubadilisha namba zozote mbili, hata zikiwa mbali. Inaonekana kama kazi imerahisishwa. Chukua 3 2 1 1 yenye hatua mbili. Ukiichukua 1 ya mwisho unapata 1 2 1 3, kisha 1 1 2 3, ambayo ndiyo bora. Ukichukua ile ya karibu unapata 1 2 3 1, kisha 1 1 3 2. Basi ungesema kanuni mpya ni kuchukua ya mbali. Sasa jaribu 2 3 1 1, hatua mbili vile vile. Ya mbali inakupa 1 3 1 2, kisha 1 1 3 2. Ya karibu inakupa 1 3 2 1, kisha 1 1 2 3. Kanuni imegeuka. Majirani wanapobadilishana, namba inayovutwa huwaacha wengine katika mfuatano wao, na juu ya hilo hoja yetu yote imesimama. Kwa hatua za mbali, namba iliyong'olewa mbele hutupwa mahali pa ile iliyochukuliwa, na pale inapoangukia pana athari kwa uamuzi unaofuata. Hapo programu inalazimika kujaribu kila namba inayolingana na kuangalia mbele kabla ya kuchagua.